Rockyou imekwama kwenye nywila za Kiswahili: je, ni salama?

*Habari mtaalamu. Niko kitengo cha TEHAMA kwenye chuo kidogo huku Mbeya, na nimepewa kazi ya kupitia upya sera yetu ya nywila: herufi nane, kubwa na ndogo, namba, alama, na kubadilisha kila baada ya siku 90. Nimefunga hashcat, programu ya kuvunja nywila, kwenye kompyuta ya maabara, nikatunga nywila za mfano zinazofanana na za watu wetu, nikaendesha orodha ya nywila ya rockyou. Karibu zote hazikufunguka. Ina maana Kiswahili kinatukinga? Na sera tuiache ilivyo?*

Hapana kwa yote mawili, ndugu yangu. Jaribio lako limepima orodha uliyotumia, halijapima nywila. Rockyou ilitoka kwenye kampuni moja ya Marekani iliyovamiwa Desemba 2009. Kampuni hiyo ilikuwa imehifadhi nywila za akaunti milioni 32 wazi kabisa, bila hata kuzigeuza hashi, yaani msimbo usioweza kurudishwa moja kwa moja kuwa nywila. Zilipoondolewa zilizojirudia, zikabaki milioni 14 na ushee, na hizo ndizo kila mtu anazipakua mpaka leo. Ni orodha nzuri ya kuanzia, lakini mtu aliyeiba hashi za chuo cha Mbeya hatasimama hapo. Atakaa nusu siku kutengeneza orodha inayowafaa ninyi, kisha atarudi. Kwa hiyo fanya hiyo nusu siku wewe kwanza, kwenye maabara yako, uone kinachotokea.

Umefanya vizuri kutumia nywila za kutunga. Endelea hivyo hivyo. Hashi za watumishi au wanachuo halisi usiziguse mpaka uwe na ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye mamlaka, inayotaja mfumo gani, lini, na matokeo yatatunzwa wapi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na Kenya ina yake ya mwaka 2018, na kusema "nilikuwa nafanya utafiti" bila karatasi mkononi hakutakufikisha mbali.

Tuchukue nywila sita. Nne za kwanza zinakubalika kwenye sera yenu bila shida: `Karibu@2024`, `Simba2024!`, `Mwanza#123` na `N@kupenda1`. Ya tano ni `Xq7!vR2#mT`, iliyotolewa na programu ya kutunza nywila. Ya sita ni maneno matano yaliyookotwa kwa kubahatisha kwenye kamusi: `ndoo-kiboko-mbatata-upepo-saba`. Hii ya mwisho sera yenu inaikataa, kwa sababu haina herufi kubwa wala tarakimu. Liweke hilo akilini.

Tumia hashi ya aina ya MD5 kwa kuanzia, maana ni ya haraka na ni rahisi kuitengeneza. NTLM, ambayo ndiyo Windows inayoitumia kuhifadhi nywila, ina tabia ileile ya haraka na haina chumvi, yaani ule mchanganyiko wa nasibu unaofanya watu wawili wenye nywila moja wawe na hashi tofauti. Tofauti kwenye hashcat ni namba ya modi tu: MD5 ni 0, NTLM ni 1000.

```
printf '%s' 'Karibu@2024' | md5sum | cut -d' ' -f1 >> hashi.txt
```

Rudia kwa nywila zote sita. Hapa pana mitego miwili inayowapotezea wanafunzi siku nzima. Ukitumia `echo` ya kawaida badala ya `printf`, inaongeza alama ya mstari mpya mwishoni, na hashi inayotoka si ya `Karibu@2024` bali ya `Karibu@2024` pamoja na alama hiyo isiyoonekana. Hashcat haitaipata kamwe, na hakuna onyo litakalokuambia kwa nini. Mtego wa pili ni nukuu: ukiandika `Simba2024!` ndani ya nukuu mbili kwenye bash, alama ya mshangao inaweza kufasiriwa kama ombi la historia ya amri. Tumia nukuu moja. Ile `cut` nayo ina kazi yake, kwa kuwa `md5sum` huacha kistari baada ya hashi, na hashcat ikikutana nacho italalamika `Token length exception`. Ujumbe huo karibu kila mara una maana mbili: umekosea modi, au kuna uchafu kwenye mstari.

Sasa orodha ya maneno, ambayo tutaihifadhi kwenye `maneno.txt`, na hapa ndipo swali lako kuhusu Kiswahili linapojibiwa. Ukichukua kamusi na kuimwaga kwenye faili utapata matokeo duni, kwa sababu watu hawaweki nywila kutoka kwenye kamusi. Wanaweka majina ya watoto, kama Neema, Baraka, Asha na Juma. Wanaweka timu, mji walikozaliwa, mwezi wa sasa, salamu, maneno ya dini, jina la taasisi, na jina la jengo wanalofanyia kazi. Orodha ya maneno 5,000 yaliyochaguliwa hivyo ina faida kuliko maneno 100,000 ya kamusi.

Kisha kuna sarufi. Kitenzi cha Kiswahili hakisimami peke yake. Kamusi ina "penda", lakini mtu anaandika "nakupenda", "nampenda", "tunapenda". Rockyou na orodha nyingine za nje zinaweza kukosa maumbo hayo, na wengi wanafikiri hapo ndipo penye kinga. Lakini viambishi ni vichache na vinapangwa kwa utaratibu unaojulikana, kwa hiyo kanuni chache za hashcat zinavimaliza.

Kanuni ni mstari mmoja unaoeleza neno libadilishwe vipi kabla ya kujaribiwa. `c` hukuza herufi ya kwanza na kupunguza zilizobaki. `$` huongeza herufi moja mwishoni, na `^` huongeza moja mwanzoni. `s` hubadilisha herufi moja kwa nyingine popote ilipo. `o` huandika herufi juu ya nafasi fulani, na nafasi zinahesabiwa kuanzia 0. Faili yetu ya `kanuni.rule` iwe hivi:

```
c $@ $2 $0 $2 $4
c $2 $0 $2 $4 $!
c $# $1 $2 $3
^u ^k ^a ^n c sa@ $1
```

Tazama mstari wa mwisho. Tunataka "naku" itangulie "penda", lakini herufi zimeandikwa kinyumenyume: u, k, a, n. Kila `^` inasukuma herufi moja mbele ya neno lilivyo wakati huo, kwa hiyo ya mwisho kuandikwa ndiyo inayokaa mbele kabisa. Ukiandika `^n ^a ^k ^u` utapata "ukanpenda", na utashangaa kwa nini hakuna kinachofunguka. Kabla ya kuendesha chochote, muulize hashcat mwenyewe atajaribu nini:

```
hashcat --stdout maneno.txt -r kanuni.rule | head -20
```

Amri hii haivunji kitu, inachapisha tu vile ambavyo vingejaribiwa. Kwenye "penda" utaona mstari wa nne umetoa `N@kupend@1`. Si tunachokitaka. `s` imebadilisha kila "a" iliyoikuta, pamoja na ile ya mwisho, wakati mtu wetu alibadilisha ya kwanza tu na kuiacha nyingine. Weka `o1@` mahali pa `sa@`, ili alama iandikwe juu ya herufi ya pili peke yake, na utapata `N@kupenda1`. Usiifute ile ya zamani, maana kuna mtu mwingine atakayebadilisha zote mbili. Faili za kanuni hukua hivi, na ndiyo sababu zile zinazokuja na hashcat kwenye folda ya `rules` nyingine zina maelfu ya mistari: kila mstari ni tabia ya watu fulani iliyowahi kuonekana mahali. Sasa endesha:

```
hashcat -m 0 -a 0 hashi.txt maneno.txt -r kanuni.rule
hashcat -m 0 hashi.txt --show
```

Mwishoni utaona `Status` imeandikwa `Exhausted`, na `Recovered` ikiwa 4/6. Wageni wengi hudhani `Exhausted` ni hitilafu. Maana yake ni kwamba vya kujaribu vimekwisha na bado kuna hashi ambazo hazijafunguka. Onyo kwamba unakaribia mwisho wa vya kujaribu nalo ni la kawaida orodha ikiwa ndogo. Na ukirudia amri ileile, zile nne hazitahesabiwa kama mpya, kwa kuwa zimeshaandikwa kwenye `hashcat.potfile`. Ukitaka kupima upya kutoka sifuri, ongeza `--potfile-disable`.

Utaniambia nimedanganya, kwa kuwa kanuni nimeziandika huku nikijua majibu. Ni haki kuuliza. Basi tusijue. Tuseme tu kwamba mtu ameweka neno la kawaida lenye herufi kubwa mwanzoni, kisha alama yoyote, kisha tarakimu nne zozote:

```
hashcat -m 0 -a 6 hashi.txt maneno.txt '?s?d?d?d?d' -j c --potfile-disable
```

Njia hii ya `-a 6` haikubali faili ya `-r`, ndiyo maana herufi kubwa imewekwa kwa `-j`. Alama kwenye `?s` ni 33 na mipangilio ya tarakimu nne ni 10,000, hivyo kila neno linajaribiwa kwa miisho 330,000. Kwa maneno 5,000 ni majaribio bilioni 1.65. Kompyuta isiyo na kadi ya michoro, ikijaribu milioni 50 kwa sekunde, inamaliza kwa sekunde 33. `Karibu@2024` iko humo ndani, na hakuna aliyeniambia mwaka wala alama.

Linganisha na namna vipimo vya uimara vinavyohesabu. `Karibu@2024` ina herufi 11 na aina zote nne. Ukihesabu kila mchanganyiko unaowezekana wa herufi 95 za kibodi kwa urefu huo, hata kadi ya RTX 4090, iliyopimwa ikijaribu MD5 bilioni 164 kwa sekunde, ingehitaji takriban miaka 1,100. Ndiyo maana kile kipimo cha rangi kwenye fomu ya kujisajili kinawaka kijani. Kipimo kinadhani mtu alichagua herufi 11 kwa bahati nasibu. Mtu alichagua neno moja, alama moja na mwaka mmoja. Hayo ndiyo machaguo matatu anayohitaji mvunjaji kuyapitia.

Sehemu ninayoithamini kuliko zote kwenye zoezi hili ni hii hapa, na watu wengi huiruka:

```
hashcat -m 0 -a 0 hashi.txt maneno.txt -r kanuni.rule --potfile-disable --debug-mode=4 --debug-file=njia.txt
```

Faili ya `njia.txt` inaonyesha neno la asili, kanuni iliyofaulu na matokeo yake. Ukifanya hivi kwa hashi nyingi na kupanga kanuni kwa wingi wa ushindi, unapata picha ya jinsi watu walivyoitikia sera. Utaona `c` karibu kila mahali, kwa kuwa sera imedai herufi kubwa na watu wameiweka pale wanapoiweka wakiandika sentensi. Utaona tarakimu na alama zimeng'ang'ania mwishoni, kwa kuwa mtu aliandika neno lake kwanza, mfumo ukalikataa, akaongeza kilichodaiwa pale mkono ulipokuwa. Mshangao, `@` na `#` zitaongoza, na zile alama nyingine zitakuwa kama hazipo. Sera imelenga kupanua uwanja, lakini kwa kumwambia kila mtu afanye jambo lilelile, imemrahisishia mvunjaji kazi ya kuandika kanuni. Anaweza kuruka kila kitu kisichokidhi sera yenu, maana anajua hakimo.

Siku 90 zina hadithi yake. Tuseme nywila ya zamani ya mtumishi ilivuja: ilikuwa `Karibu@2024` na sasa ameshabadilisha. Utajaribu nini kwanza? `Karibu@2025`, bila shaka, kisha `Karibu#2024`, kisha `Karibu@2024!`. Mwaka 2010 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Zhang, Monrose na Reiter, walichukua historia za nywila za akaunti za chuo chao zilizokuwa zimefungwa, ambako watu walilazimishwa kubadilisha mara kwa mara, wakaandika programu inayokisia mpya kutoka kwa ya zamani. Kwa asilimia 41 ya nywila walizojaribu, ile mpya ilipatikana kwa sekunde chache tu walipokuwa na hashi yake. Kwa asilimia 17 ya akaunti, makisio yasiyofika matano yalitosha. Makisio hayo ya chini ya matano ni mabaya zaidi kuliko yanavyosikika, kwa sababu hayahitaji hashi wala hashcat. Unayafanya kwenye ukurasa wa kuingilia, na akaunti haijifungi.

Sasa hashi mbili zilizobaki. `Xq7!vR2#mT` haina neno ndani yake, kwa hiyo orodha na kanuni hazina pa kushikia. Inabaki kupitia kila mchanganyiko wa herufi kumi, na kadi ileile kwa MD5 ingechukua miaka 11 na ushee. Angalia lakini urefu unavyobadilisha mambo. Herufi nane za nasibu, ambao ndio urefu wa chini wa sera yenu, zinaisha zote kwa saa 11 kwa MD5, na kwa NTLM, ambayo kadi hiyo huijaribu bilioni 288 kwa sekunde, zinaisha kwa chini ya saa saba. Hapo hatuzungumzii tena nywila mbovu. Ni nywila yoyote ile ya herufi nane kwenye Windows, hata ingetungwa na mashine.

Kuhusu maneno matano, nisikuuzie kitu nisichokiamini. Mvunjaji akijua orodha yenu ya maneno 5,000 na akajua mnatumia maneno manne, michanganyiko ni trilioni 625. Anatengeneza faili ya jozi zote, mistari milioni 25, na kuiunganisha na yenyewe kwa `-a 1`. Kwa kasi ya juu ya kadi ile ni saa moja na kidogo. Saa moja! Neno la tano linaipeleka kwenye siku 220 hivi, na la sita kwenye miaka 3,000. Kwa hiyo sentensi ya nywila ina nguvu kwa idadi ya maneno yaliyochaguliwa bila mpangilio, na herufi zake ukizihesabu hazikuambii chochote. Mfano wake ni `harakaharakahainabaraka`. Ina herufi 23, na ni mstari mmoja tu kwenye faili ya methali. Aya za Biblia, beti za wimbo wa taifa, na misemo iliyoandikwa nyuma ya daladala ni hivyo hivyo. Maneno yachaguliwe na dadu au programu, si na mtu.

Mpaka hapa nimezungumzia MD5 na NTLM, na upande huo ni wa kwako wewe kuliko watumishi. Tengeneza hashi ya nywila ileile kwa bcrypt, aina ya hashi iliyofanywa nzito makusudi, uone:

```
htpasswd -bnBC 12 '' 'Karibu@2024' | tr -d ':\n'
```

Inaanza na `$2y$12$`, na modi yake ni 3200. Ile 12 ni gharama, na kila ukiongeza moja kazi inakuwa maradufu. RTX 4090 ilipimwa ikijaribu bcrypt ya gharama 5 mara 184,000 kwa sekunde. Kwa gharama 12 kazi ni mara 128, kwa hiyo inashuka hadi kama 1,400. Kutoka bilioni 164 hadi 1,400! Yale maneno manne yaliyochukua saa moja sasa yanachukua zaidi ya miaka 13,000.

Lakini rudi kwa `Karibu@2024`. Chukua orodha yetu ya maneno 5,000, alama tano zinazopendwa, miaka 2000 hadi 2025, na alama ikae kabla au baada ya mwaka. Kila neno lina miisho 260, jumla milioni 1.3. Kwa kasi ya 1,400 hiyo ni robo saa. Chumvi ya bcrypt inamlazimisha mvunjaji kurudia kazi hiyo kwa kila mtumiaji, hivyo kwa watu 200 ni saa 50 hivi, wakati MD5 isiyo na chumvi ingewamaliza wote kwa mpigo mmoja. Saa 50 si haba. Zinakupa muda wa kugundua wizi na kulazimisha watu wabadilishe. Ila mwishowe inafunguka. Hashi nzito inaokoa nywila ya wastani. Nywila inayopatikana ndani ya majaribio milioni moja haiokolewi na hashi yoyote.

Kwa hiyo kwenye sera yenu mimi ningeanza na kufuta. Futa sharti la herufi kubwa, tarakimu na alama, na futa siku 90. Hutakuwa peke yako. NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, ambayo mwongozo wake wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ndio ulioeneza masharti haya duniani, iliyaacha mwaka 2017, na Bill Burr aliyeyaandika alilieleza gazeti la Wall Street Journal mwaka huohuo kwamba anajutia mengi ya aliyoyapendekeza. Toleo la mwaka 2025 la mwongozo huo halipendekezi tena kuyaacha bali linayakataza: usilazimishe mchanganyiko wa aina za herufi, na usilazimishe kubadilisha kwa kalenda. Badilisha pale tu kuna dalili kwamba nywila imevuja. Nywila ikiwa ndiyo kinga pekee, urefu wa chini ni herufi 15. Kama kuna uthibitisho wa hatua mbili, nane zinaruhusiwa, ingawa baada ya hesabu ya NTLM hapo juu nisingeshuka hapo kwenye mtandao wa Windows.

Kisha weka orodha ya marufuku, na kazi uliyoifanya maabara inatumika moja kwa moja hapa. Usiishie kwenye orodha za nywila zilizovuja duniani, maana tatizo lako la kwanza ndilo hilo: orodha hizo haziwajui watu wenu. Faili ya `maneno.txt` uliyoitengeneza kwa ajili ya kuvunja ndiyo uanze nayo. Kukataza `Karibu@2024` neno kwa neno hakusaidii, kwa kuwa mtu ataweka `Karibu@2024.` na kupita. Mfumo unatakiwa uvue mapambo kwanza, urudishe `@` kuwa a, upunguze herufi kubwa, uondoe tarakimu na alama za mwishoni, kisha ulinganishe kiini. Kama mnatumia Active Directory, Microsoft wana Entra Password Protection, inayofanya kitu cha namna hiyo na kukuruhusu kuongeza maneno yenu hadi 1,000. Ndiyo maana nakuambia uchague yenye uzito: jina la chuo na kifupi chake, mji, miezi, timu, salamu, majina yanayopatikana sana. Kwa mifumo mliyoijenga wenyewe, hamieni bcrypt au Argon2id, na mkichagua bcrypt mjue kwamba haisomi zaidi ya baiti 72 za mwanzo.

Kitu kimoja kuhusu ripoti, kwa kuwa najua mkuu wako atataka asilimia. "Tumefungua asilimia 60" ni namba inayotegemea orodha yako, kadi yako na saa ulizoiacha mashine ikivuma. Mwakani ukitumia orodha bora itapanda, na utaonekana umeharibu kazi. Mpe badala yake muda: ngapi zilifunguka ndani ya dakika moja, ngapi ndani ya saa, ngapi ndani ya siku, kwa orodha ileile na kanuni zilezile kila mwaka. Na umpe kanuni tatu au nne zilizofungua nyingi zaidi, zikielezwa kwa maneno ya kawaida, kama "neno, kisha alama, kisha mwaka". Majina ya watu yasiwemo.

Ukija kufanya hivi kwa hashi halisi, ukiwa na ile ruhusa, tumia `--debug-mode=1` badala ya 4, maana hiyo huandika kanuni peke yake bila nywila. Fanya kazi kwenye mashine isiyounganishwa na mtandao. Ukimaliza, futa `hashi.txt`, faili ya matokeo, na usiisahau `hashcat.potfile`. Kwenye Linux kwa matoleo ya karibuni hukaa `~/.local/share/hashcat/`, na ina kila nywila uliyowahi kufungua ikiwa wazi.